Ndoo ya Kilo Kumi na Sita

Mimi ni mtu wa kuongea. Wanaonifahamu watakwambia, na baadhi watakwambia kwa kulalamika. Mume wangu alikuwa fundi wa malori hapa Tunduma. Jioni anarudi na grisi mpaka kwenye masikio, anavuta stuli, anakaa, ananiambia, "Haya, anza." Nami naanza. Nani kagombana na nani mtaani, nyanya zimefika bei gani, Wazambia wameingia sokoni asubuhi wamebeba vitunguu vyote. Yeye ananiitikia "mm", "enhe", "acha wewe!" mpaka chakula kinaiva. Alipofariki watu walinipa pole za kila namna, lakini hakuna aliyenipa pole ya kukosa mtu wa kuniitikia.

Watoto wana maisha yao. Mmoja yuko Kitwe, Zambia, ameoa huko, na wajukuu wangu wananisalimia kwa Kibemba kwenye simu halafu wanakimbia. Mwingine yuko Mwanza. Wananipigia, siwasingizii. "Mama, umekula?" Nimekula. "Mama, mguu unaendeleaje?" Unaendelea. Basi, vocha inakata au mtoto analia, kwisha habari.

Nyumba yangu iko nyuma kidogo ya barabara kuu, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka yanaunguruma mchana kutwa. Mgeni anaweza kudhani mahali kama hapo hapana upweke, kwa kelele zile. Thubutu! Kelele za lori hazikuulizi umeamkaje. Nilikuwa naweza kumaliza siku nzima bila kufungua mdomo isipokuwa kumfukuza kuku wa jirani, na wakati mwingine nilimfukuza kwa maneno mengi kuliko alivyostahili, ili tu nisikie sauti yangu.

Kilichokuwa kinanishikilia ni Jumamosi ya mafuta.

Ilianza mafuta ya kula yalipopanda mpaka tukawa tunanunua kwa kikombe, tena kikombe chenyewe kidogo. Siku moja tunatoka kanisani, fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akasema tunaumia kwa sababu tunanunua kidogo kidogo. Tuchange, tununue ndoo moja duka la jumla, tugawane. Tukapatikana watano: yeye, mke wa dereva wa lori, mama mmoja wa kwaya, jirani yangu anayekaanga maandazi, na mimi. Ndoo ikawa inaletwa kwangu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ua wangu ni mpana na hauna watoto wa kutia mikono kwenye mafuta. Kila mmoja anakuja na dumu lake tupu. Mimi ndiye mgawaji. Nilikuwa na jagi la lita moja lenye mistari pembeni, nachota, nainua usawa wa macho, namimina. Jagi nne kwa kila mtu, watu watano, lita ishirini, ndoo imekwisha. Sheria yetu ilikuwa moja tu: mgawaji anachukua la mwisho. Anayepima hawezi kujipendelea kama yeye ndiye wa kubakiziwa.

Kugawa mafuta yenyewe ni kazi ya dakika chache. Sisi tulikuwa tunakaa mpaka jua linaelekea kuzama. Tangu asubuhi nilikuwa nimechemsha magimbi, nimekaanga karanga, nimesaga kahawa iliyotoka kwa kaka yangu Mbozi. Hapo ndipo tunasemana. Fundi cherehani anamwambia mama wa kwaya kwamba sauti yake ya kwanza siku hizi imekuwa ya pili na nusu. Mke wa dereva anatueleza mumewe amekwama Kapiri, huko Zambia, na sisi tunamuuliza amekwama kwa nani. Tunacheka hadi tunapaliwa. Kipande cha sabuni ambacho mwenye duka alikuwa anakifunga juu ya mfuniko kwa gundi, nyongeza ya bure, mbasela kama tunavyosema huku mpakani, tulikuwa tunakipigia kura kana kwamba ni ng'ombe. Ndoo tupu nayo tulipokezana, mwezi huu wewe, mwezi ujao mwenzio. Wakiondoka, naosha vikombe vitano, na kuosha vikombe vitano kulikuwa kunanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Siku nyingine zote kikombe ni kimoja.

Sasa sikia kilichotokea.

Ndoo ya kawaida ilikuwa imefika shilingi laki moja, tukawa tunaguna. Mwezi uliofuata mwenye duka akamwambia fundi cherehani kuna aina mpya imeingia, ndoo ile ile, elfu tisini na mbili tu. Elfu nane imepungua! Fundi cherehani aliingia uani kwangu akicheza. Ndoo ilikuwa ya njano, mfuniko mwekundu, kimo kile kile cha ndoo za siku zote. Tukapiga hesabu pale pale: elfu tisini na mbili kwa lita ishirini, lita moja elfu nne na mia sita. Mke wa dereva akapiga kigelegele.

Nikaanza kuchota. Fundi cherehani, nne. Mke wa dereva, nne. Mama wa kwaya, nne. Jirani yangu wa maandazi, nne. Nikaweka dumu langu, nikachota jagi la kwanza, likajaa. Nikachota la pili, jagi likagonga chini ya ndoo. Nikainamisha ndoo, nikakung'uta, nikaisubiri ichuruzike mpaka tone la mwisho. Nusu jagi na ushee kidogo.

"Ulikuwa unamimina kwa moyo mkunjufu mno," fundi cherehani akanitania. "Mgawaji gani anawapendelea wenzake?"

"Mimi napima usawa wa mstari," nikamwambia, na nilikuwa nimeshaanza kukasirika. "Mstari haunipendi wala haumchukii mtu."

"Labda imevuja njiani kwenye bodaboda," akasema mama wa kwaya. Ndoo ilikuwa kavu kama sahani iliyofutwa.

Hawakunidhulumu, sitasema hivyo. Kila mmoja alinirudishia karibu nusu jagi kutoka dumu lake, na kila mtu akabaki na lita tatu na nusu hivi. Wakaona imeisha. "Ndoo ni ndoo," mke wa dereva akasema, na wote wakaitikia ndoo ni ndoo. Huku kwetu ndiyo akili yetu. Mahindi tunapima kwa ndoo, maji tunachota kwa ndoo, mchanga wa kujengea ni ndoo, na ndoo ni lita ishirini tangu tukiwa watoto. Nani ataisoma ndoo? Unasoma barua, unasoma Biblia, husomi ndoo.

Nami ningeiacha. Lakini wakati wa kuondoka jirani yangu wa maandazi alibaki nyuma. Ni mwanamke mdogo kwa umri, ana watoto wanne na hana mwanaume wa kumsaidia, na ananiita mama tangu alipohamia. Akaniambia kwa furaha kwamba kwa bei hiyo mpya ameamua: mwezi ujao atachukua ndoo yake nzima kwa ajili ya biashara, mbali na mgao wetu, na ameshaongea na wenzake wa kikoba wamkopeshe. "Mama, lita kwa elfu nne na mia sita! Dukani wananiuzia elfu tano na zaidi. Hapo watoto watavaa viatu."

Alipoondoka niliigeuza ile ndoo tupu. Nyuma, chini ya picha ya alizeti, kwa maandishi madogo kama yanayoona haya, palikuwa na neno kilo. Kilo kumi na sita. Lita haikuandikwa mahali popote.

Nilienda kwa muuza nafaka wa barabarani, nikaomba mizani yake. Nikaweka jagi tupu, nikasoma. Nikalijaza mafuta mpaka kwenye mstari wa lita moja, nikasoma tena. Yale mafuta peke yake yalikuwa na gramu mia tisa na kumi. Muuza nafaka akaniuliza kama nimeanza biashara. Nikamwambia bado, nimeanza hasira. Mafuta ni mepesi kuliko maji, jamani, yanaelea, hata mtoto aliyepika supu anajua. Lita yake haifiki kilo. Kwa hiyo kilo kumi na sita, ukigawanya kwa hiyo gramu mia tisa na kumi, zinakuwa lita kumi na saba na nusu na kidogo. Ndicho hasa nilichokipima kwa jagi langu. Mkono wangu haukuwa na moyo mkunjufu wowote.

Elfu tisini na mbili kwa lita kumi na saba na nusu, kila lita inazidi elfu tano na mia mbili. Nikakaa kwenye gunia la maharage la yule muuza nafaka, nikarudia kwenye simu, ikaleta ile ile. Tumepigwa. Yaani tumepigwa huku tunapiga vigelegele.

Nikaenda duka la jumla. Mwenye duka akanipokea kwa heshima zote. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii ndoo ni lita ngapi?"

"Ndoo ni ndoo, mama."

"Nakuuliza lita."

Akaipapasa ndoo kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Akasema hajaandika yeye, wameandika kiwandani, na kilo zipo hapo wazi, mwenye macho asome. Na alisema kweli. Akaongeza kwamba ndoo tupu nayo ni pesa, watu wanainunua elfu nne, na mbasela ya sabuni ananipa. Sawa. Nikaondoa hesabuni elfu nne ya ndoo, nikatoa na mia tano ya sabuni. Lita bado ilikuwa karibu sana na elfu tano.

Basi, nikafanya ambacho hatukuwa tumefanya tangu tuanze kuchanga. Nikazunguka kuangalia vifungashio vidogo. Sisi wa ndoo tulikuwa tumeacha kutazama huko, tunapita mbele ya rafu za madumu kwa dharau, kwamba hayo ni ya watu wasiojua kuungana. Upande wa wauzaji kutoka Zambia kulikuwa na chupa ndefu nyembamba, elfu nne. Dada aliyekuwa anaziuza akanisogezea moja. "Bamayo," akaniita, yaani mama, "hii ndiyo rahisi kuliko zote." Kwa kuitazama ungesema ni lita. Nikaisoma: mililita mia saba na hamsini. Elfu nne ukigawanya kwa robo tatu ya lita, lita yake inapita elfu tano na mia tatu. Rahisi kwa macho. Nikaenda duka jingine, nikakuta chupa ya lita moja kwa elfu tano na mia mbili. Na pale chini kabisa, rafu ya kuinama, kulikuwa na dumu la lita tano la kampuni ambayo sikuwahi kuisikia, wanatafuta soko. Lita imeandikwa kwa herufi kubwa. Elfu ishirini na nne na mia tano. Gawanya kwa tano: elfu nne na mia tisa, na dumu tupu linabaki lako.

Nilisimama pale nimelishika lile dumu, na nakumbuka furaha yangu vizuri kwa sababu ilikuwa fupi. Nimemnasa mwenye duka! Nitawaambia wenzangu! Nikamwona fundi cherehani akishika kiuno, nikajiona nikieleza hatua kwa hatua, wote wananiitikia. Halafu nikalitazama tena. Dumu la lita tano halina haja ya watu watano. Linamtosha mtu mmoja, analinunua mwenyewe, anakwenda nalo kwake.

Nilirudi nyumbani polepole. Sitajifanya malaika, jambo lile lilinisumbua mwezi mzima. Nilijiambia tofauti yenyewe ni ndogo, ukitoa ndoo na sabuni ni kama shilingi mia kwa lita. Mia moja! Mtu anashindwa kulipa mia moja kwa lita ili akae na wenzake mchana mzima, anywe kahawa ya bure, acheke? Mimi ningelipa elfu. Ningelipa mara mbili. Lakini si mimi peke yangu niliyekuwa nalipa. Na yule mtoto wa watu wa maandazi alikuwa anakwenda kukopa ndoo nzima akiamini ana lita ishirini, apange bei ya andazi kwa mafuta ambayo hayamo. Lita mbili na nusu za hewa. Angekaanga mpaka katikati ya mwezi asielewe pesa inakwenda wapi, na angedhani ni watoto wanakula.

Jumamosi ya mafuta ilipofika nikachemsha magimbi mengi kuliko kawaida. Wakaja na madumu yao na pesa mkononi, kabla ndoo haijaagizwa. Nikawaambia wakae. Nikaweka mbele yao ile ndoo ya njano, nikaweka na dumu la lita tano nililonunua, nikaanza.

Haki ya nani, niliongea siku ile. Niliwaonyesha neno kilo. Niliwaeleza mizani. Mama wa kwaya alibisha, kilo na lita si ni kitu kimoja, mbona maji lita ni kilo? Nikamwambia maji ndiyo, sasa wewe unakaangia maji? Wakaanguka kicheko. Mke wa dereva akasema na sabuni je, na ndoo tupu je, nikamtolea vyote hesabuni mbele ya macho yake. Fundi cherehani alichukua simu yake akagawanya mwenyewe, akagawanya tena, akasonya. Jirani yangu wa maandazi alikuwa ameshika mdomo. Hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Mama, Jumatatu nilikuwa nakwenda kuchukua ule mkopo."

"Basi usiende," nikamwambia. "Na siku zote uliza bei ya lita moja. Usiulize bei ya ndoo, usiulize bei ya chupa. Lita moja, kilo moja. Kikubwa kinaweza kuwa rahisi, kinaweza kuwa ghali, huwezi kujua mpaka ugawanye."

Wakanipigia makofi. Kweli kabisa, wanawake wanne walinipigia makofi uani kwangu. Halafu fundi cherehani akasimama, akajifunga kitenge vizuri, na kwa sauti yake ile ile ya ng'ambo ya bonde akasema, "Umetuokoa, dada yangu! Kumbe hata kukusanyika hakuna haja tena. Kila mtu na dumu lake!"

Alisema kwa furaha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nao wote wakaitikia kila mtu na dumu lake. Walimaliza kahawa upesi upesi kwa sababu walitaka kuwahi dukani kabla dumu halijapanda bei. Magimbi yalibaki. Niliyala mpaka Jumatano.

Mwezi uliofuata Jumamosi ya mwisho ilipofika nilifagia ua. Nilijua hawaji, nilifagia tu. Nikasaga na kahawa. Saa za alasiri zilipopita nikajiona mjinga, mtu mzima amevaa kitenge cha kutokea amekaa peke yake kwenye ua uliofagiliwa. Nililia kidogo, siyo sana. Kuku wa jirani alikuwepo.

Ndipo nikapata wazo, na hapo ndipo nilipohangaika kweli. Kama kikubwa wakati mwingine kinadanganya, basi kuna mahali kinasema kweli. Nitafute kitu ambacho kikubwa chake ni rahisi kwa haki, kigumu kununuliwa na mtu mmoja, tuchange tena. Nilizunguka Tunduma nzima na simu yangu. Wenye maduka walianza kunijua, nikiingia wanasema, "Mama kilo moja huyo." Sabuni ya unga: mfuko mkubwa ulikuwa ghali kuliko midogo kwa kilo, nikaukasirikia kana kwamba umenitukana. Chumvi: sawasawa, haina faida. Majani ya chai: boksi kubwa lilikuwa la aina nyingine, bei nafuu lakini chai yenyewe ni vumbi, na hesabu ya kilo haikwambii ladha. Hatimaye sukari. Gunia la kilo hamsini, laki moja na elfu arobaini. Kilo elfu mbili na mia nane, wakati rejareja ni elfu tatu. Mia mbili kwa kila kilo! Nilitaka kumkumbatia mwenye duka.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Fundi cherehani akanisifu, akasema lakini kwa sasa ana magauni ya harusi na hana nafasi. Mke wa dereva, sukari anaipata ng'ambo mumewe akirudi. Mama wa kwaya daktari amemkataza. Jirani yangu wa maandazi akasema angependa sana, mama, lakini pesa yake ni ya siku, kilo kumi kwa mpigo hawezi. Wote walinikaribisha chai. Wote walisema tutaonana.

Na hatujaachana, nisiwaseme vibaya. Tunasalimiana kanisani. Isipokuwa sasa wananitumia picha. Mtu yuko dukani, anapiga picha ya rafu, ananiandikia: Mama, hapo ipi? Napokea mchele, napokea mafuta ya kupaka, napokea dawa ya mswaki mirija miwili imelazwa kwenye kaunta na kidole cha mtu pembeni. Hata watu nisiowajua wananitumia, wamepewa namba yangu. Navaa miwani, nasoma gramu, nagawanya, najibu: ile ndogo. Au: ile kubwa, ni ya kweli. Wananirudishia ubarikiwe. Simu yangu imejaa picha za makopo, na hakuna hata moja yenye uso wa mtu.

Juzi jirani yangu wa maandazi alinitumia picha ya unga wa ngano. Mfuko wa kilo kumi, elfu kumi na tisa na mia tano. Mfuko wa kilo ishirini na tano, elfu arobaini na tano. Biashara imechangamka tangu aache ule mkopo, sasa ananunua unga wa wiki badala ya wa siku. Nikagawanya haraka. Mdogo ni elfu moja mia tisa na hamsini kwa kilo. Mkubwa ni elfu moja na mia nane. Mkubwa ni wa kweli! Moyo ulinidunda, mimi mtu mzima, kwa ajili ya unga.

Nikamwandikia: Chukua mkubwa, mwanangu. Kama ni mwingi tugawane, mimi nachukua kilo kumi. Ulete hapa kwangu tupime, nina jagi, na kahawa ipo.

Mimi kilo kumi za ngano ningezifanyia nini, sijui. Hata chapati sipiki siku hizi. Nilinyanyuka nikaweka maji jikoni, nikatoa vikombe viwili, na watoto wake nao watakuja, nikaongeza vingine. Simu ikalia.

Aliandika kwamba ameshalipia ule wa kilo kumi, mama, alikuwa na haraka, bodaboda ilikuwa inamsubiri. Akaniuliza amepigwa kiasi gani.

Nikavaa miwani, ingawa hesabu nilikuwa nayo kichwani. Nikamjibu kwamba hajapigwa sana, ni shilingi mia moja na hamsini tu kwa kilo.